Mililita Moja na Nusu

"Kaka, shuka wodini mara moja. Na njoo na ampuli moja ya jentamaisini, ile mliyotuletea Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Mei 2024, wiki mbili hivi baada ya kimbunga Hidaya kupita na barabara ya Dar es Salaam kukatika kule Somanga. Aliyepiga simu ni sista wa wodi ya watoto wachanga aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililonitia hofu. Sista huyu akitaka kugomba huwa hapigi simu, anapanda mwenyewe hadi dirishani kwetu famasi.

Nilimkuta kasimama mbele ya trei ya dawa. Juu yake palikuwa na ampuli ya usiku uliopita, imevunjwa shingo, ndani imebaki nusu mililita tu. Kando yake aliiweka chati ya mtoto. Daktari alikuwa ameandika vizuri kabisa: jentamaisini miligramu 15, mara moja kwa siku.

"Hesabu wewe mwenyewe," akasema.

Mtoto alikuwa na kilo 3, alilazwa akiwa na umri wa siku nne kwa homa na kukataa ziwa. Dozi ya jentamaisini kwa mtoto wa uzito wa kawaida katika wiki yake ya kwanza ni miligramu 5 kwa kila kilo, kwa hiyo 15 ni sahihi. Ampuli ilikuwa ya mililita 2 yenye miligramu 80, maana yake kila mililita imebeba 40. Miligramu 15 za dawa ya nguvu hiyo hazifiki hata nusu mililita, ni 0.375. Ampuli ilipaswa kubaki na zaidi ya robo tatu. Kilichovutwa ni mililita moja na nusu, sawa na miligramu 60. Mtoto alipata mara nne ya alichoandikiwa, na ulikuwa usiku wa pili mfululizo.

Ninawaandikia haya ninyi wa famasi: mafundi dawa, mzee wetu wa stoo, na vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Mchoro wa mifupa ya samaki tuliouchora baada ya tukio lile kutafuta chanzo cha kosa bado umebandikwa karibu na dirisha la kutolea dawa, na kila mgeni anausifu. Lakini mchoro ukiwa ukutani hausemi kwamba wa kwanza tuliuchora vibaya na ukatupwa, wala hausemi kwamba mwiba mkubwa kuliko yote niliutengeneza mimi kwa mikono yangu.

Kwanza mtoto. Jentamaisini ikizidi huumiza figo na sikio la ndani. Figo mara nyingi hurudi, sikio likiharibika halirudi. Daktari alisimamisha dawa, akabadilisha tiba, na akaandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto asipewe frusemaidi, kwa sababu hiyo ikikutana na jentamaisini mwilini masikio ndiyo yanayolipa. Hatukuwa na kipimo cha kujua kiwango cha dawa kwenye damu, kwa hiyo tulitegemea mkojo na kreatinini. Mkojo tuliupima kwa kupima nepi: unaipima ikiwa kavu, unaipima ikilowa, kila gramu iliyoongezeka unaihesabu kuwa mililita moja. Tulitaka angalau mililita 1 kwa kila kilo kwa kila saa, yaani mtoto huyu atoe si chini ya mililita 72 kwa siku nzima. Alitoa zaidi ya hapo.

Kreatinini ina mtego ambao nataka muujue. Katika siku za mwanzo za maisha, kreatinini iliyo kwenye damu ya mtoto kwa kiasi kikubwa ni ya mama yake, na inatakiwa iwe inashuka siku hadi siku. Kipimo kimoja hakikwambii kitu. Tena figo iliyoumizwa na jentamaisini huendelea kutoa mkojo kama kawaida, na kreatinini huanza kupanda baada ya siku kadhaa, si siku ileile. Kwa hiyo tulipima siku ile, siku ya tatu, na siku ya saba. Ya siku ya tatu ilikataa kushuka. Ya siku ya saba ilishuka.

Jambo la pili lilikuwa letu sisi. Dawa ikitoka stoo kwenda wodini haimwendei mtoto mmoja. Nilichukua voucha ya Jumatatu na kitabu cha wodi, tukapitia watoto wote waliochomwa jentamaisini tangu boksi lile lifike. Tulimpata wa pili, mwenye kilo 2.4. Huyu, kwa kuwa uzito wake ni mdogo, huandikiwa miligramu 3 kwa kilo, basi alitakiwa kupata 7 na kidogo. Alikuwa amepata dozi moja tu, ikiwa mara nne vilevile. Bila kitabu kile tusingemjua kamwe, kwa sababu yeye hakuna aliyeona ampuli yake.

Mama wa mtoto wa kwanza alikuwa ametoka Tandahimba na bibi yake. Daktari na mimi tuliwaketisha, tukawaambia kwamba mtoto amepewa dawa nyingi kuliko alivyoandikiwa, mara mbili, ni kosa la hospitali, na kwamba tutapima figo sasa na masikio baadaye. Bibi aliuliza swali moja: "Mlijuaje?" Tukamweleza habari ya ampuli iliyobaki. Akasema, "Basi huyo aliyeona nisalimieni."

Mkutano wa kwanza ulikaa Jumatatu. Tulikuwa sita: mimi, fundi dawa, mzee wa stoo, matroni, daktari, na msimamizi wa uboreshaji wa huduma, ambaye alileta karatasi kubwa na kalamu za rangi. Hospitali zetu zimezoea habari za KAIZEN miaka mingi sasa, kwa hiyo mchoro wa Ishikawa hakuna asiyeujua: kichwa cha samaki kulia, mgongo ulionyooka, miiba mikubwa juu na chini, kosa likiandikwa kichwani na sababu zake kwenye miiba. Profesa Kaoru Ishikawa aliutumia viwandani Japani, na miiba ya kule ilikuwa watu, njia ya kazi, mashine, malighafi, vipimo na mazingira. Sisi tuliandika watu, utaratibu, dawa, vifaa, mazingira na mawasiliano.

Kichwani tukaandika: "Muuguzi alizidisha dozi."

Hapo ndipo tulipoharibu, na ilikuwa bado dakika ya kwanza. Kichwa kikishasema muuguzi, kila mwiba unamtafuta muuguzi. Nusu saa baadaye samaki wetu alikuwa amejaa: uzembe, kutosoma lebo, uchovu, uhaba wa watumishi, kukosa mafunzo, mawasiliano hafifu, umeme kukatika. Karatasi ilipendeza. Nikaitazama nikaona kwamba ningeweza kuibandika kwenye kosa lolote lililowahi kutokea katika hospitali yoyote, hata la chakula cha wagonjwa kuungua, na hakuna ambaye angegundua. Mapendekezo nayo yalikuwa yaleyale: muuguzi apewe onyo, wauguzi wote wapewe semina.

Matroni ndiye aliyesimama. Alisema, "Binti yule ana miaka tisa kwenye kazi hii. Kabla ya Jumatatu iliyopita alichoma jentamaisini kila siku ya Mungu. Mbona hakuzidisha?"

Nikaomba karatasi ile tuiweke pembeni.

Siku iliyofuata tulianza na mstari wa muda badala ya samaki, kwa sababu samaki ana upungufu huo: anakuonyesha sababu zote kama vile zimetokea pamoja, haonyeshi ipi ilitangulia. Tuliandika tangu boksi lilipoingia hospitali. Ampuli tulizozoea ni za miligramu 20 katika mililita 2, na oda yetu ya mwezi ule ilikuja bila hizo. Zilipobaki chache tulinunua kwa mshitiri. Alikuwa na za miligramu 80 tu. Mimi nilisaini, kwa sababu wodi ya upasuaji ilizihitaji kwa watu wazima, na nikajiambia watoto watahesabiwa. Zilifika Alhamisi, zikapokelewa, zikapangwa. Jumatatu wodi ya watoto wachanga iliomba jentamaisini, ikapelekewa boksi. Jumatano usiku ikaanza kutumika. Ijumaa asubuhi sista akaona.

Kichwa kipya kikasomeka hivi: "Mtoto wa kilo 3 aliyeandikiwa miligramu 15 za jentamaisini alichomwa miligramu 60, usiku wa Jumatano na wa Alhamisi, kutoka ampuli ya miligramu 80." Hakuna mtu ndani yake. Kuna kilichotokea, kiasi, saa na kitu. Mtakapochora tena, pimeni kichwa chenu hivyo: mtu ambaye hakuwepo akikisoma, aweze kujua kilichotokea bila kujua nani wa kulaumiwa.

Tukakubaliana pia kwamba hakuna mwiba utakaoandikwa kwa kalamu kabla ya kujibu maswali mawili. La kwanza, tumeuona kwa macho au tunaudhania? La pili, ungeondolewa usiku ule, mtoto angepata dozi sahihi? Uliokosa jibu la kwanza ulibaki na penseli. Uliokosa la pili tuliuchora mfupi, kuonyesha kwamba uliongeza uzito lakini haukuleta kosa.

Umeme, kwa mfano. Ni kweli ulikatika Jumatano, na sista wa usiku alivuta dawa kwa tochi ya simu. Wote tulitaka uwe mwiba mkubwa, maana ungetuondoa wote lawamani. Lakini Alhamisi umeme ulikuwepo tangu jioni hadi asubuhi, na kosa likajirudia kwa kiasi kilekile, mililita moja na nusu bila kupungua tone. Ukachorwa mfupi. Uchovu nao ulikuwepo, sista alikuwa peke yake na watoto kumi na mmoja, lakini mtu aliyechoka hukosea huku na kule. Leo moja na robo, kesho mbili. Hapa mkono ulikuwa umevuta kiasi kimoja usiku wa kwanza na wa pili. Kosa linalorudi kwa kipimo kilekile lina kitu kinacholielekeza.

Kwa hiyo nikaenda kumuuliza mwenyewe, si kwa barua. Nilimfuata nyumbani kwake mchana, akiwa ametoka kulala. "Dada," nikamwambia, "nisaidie kitu kimoja. Moja na nusu uliitoa wapi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mji anaoishi. "Kwenye jedwali lako, kaka."

Wengine mnalikumbuka. Mwaka uliotangulia wauguzi walilalamika kwamba hesabu za watoto wachanga zinawachelewesha. Nikakaa Jumapili moja nikatengeneza jedwali zuri, likapigwa plastiki, likabandikwa juu ya meza ya dawa wodini. Upande mmoja kilo, upande wa pili mililita. Kilo 2.5, mililita 1.25. Kilo 3, mililita 1.5. Kilo 3.5, mililita 1.75. Kwa ampuli ya miligramu 20 katika mililita 2, ambapo kila mililita ina 10, kila mstari ulikuwa sahihi. Nguvu ya ampuli sikuiandika popote. Sikuona haja: hatukuwa na nyingine. Niliondoa miligramu kwenye hesabu ili kuwarahisishia, na nilipoziondoa, niliondoa pia kitu pekee ambacho kingewaonya siku ampuli ikibadilika.

Nilirudi famasi nikiwa sina la kusema. Sikuwa nimeliweka jedwali hilo kwenye mchoro wowote. Hata kichwani kwangu halikuwa sababu, lilikuwa msaada.

Bado kwenye kikao kulikuwa na wasiwasi. Daktari alisema, na alikuwa na haki, kwamba jedwali halimzuii mtu kusoma lebo. Mwenye macho angeona 80. Badala ya kubishana tukajaribu. Nilichukua ampuli nne za miligramu 80 zilizokwisha muda na kutengwa kwa ajili ya kuharibiwa. Kwa usiku tofauti, matroni na mimi tukamwendea muuguzi mmoja mmoja katika wodi zinazolaza watoto, kabla habari haijawafikia wote, tukamwomba aandae jentamaisini miligramu 15 kwa mtoto wa kilo 3 kama anavyoandaa siku zote, jedwali likiwa mbele yake. Hakukuwa na mtoto, na dawa ilivutwa ikamwagwa palepale, ampuli nikarudi nazo mkononi. Wanne waliandaa. Watatu walivuta mililita moja na nusu. Mmoja wa hao watatu ndiye anayewafundisha wengine. Wa nne alisita, akageuza ampuli, akasema, "Hii imebadilika?"

Nilizipanga ampuli za 20 na za 80 mezani mbele ya kikao. Kioo kilekile, urefu uleule, mililita 2 zote mbili, kiwanda kimoja, mstari wa rangi ileile. Namba tu ndiyo imebadilika, tena imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la dawa. Daktari aliziinua mbili, moja kila mkono, akazirudisha. Neno uzembe halikutajwa tena, na hakuna aliyesema lifutwe.

Miiba miwili mirefu tukawa tumeipata: jedwali la mililita lisilotaja nguvu, na ampuli mbili zinazofanana katika wodi moja. Lakini swali lililokuwa letu zaidi lilikuwa bado: boksi la 80 lilifikaje wodi ya watoto wachanga, wakati nilinunua kwa ajili ya upasuaji?

Hapa tuliuliza kwa nini, tukarudia, na ndipo nilipouelewa mchoro huu kwa mara ya kwanza. Wanaokula mwatiko wanajua. Mwiba wa mgongo unauona na unautoa kwa vidole, lakini nyama yenyewe imejaa vijiti vyembamba vyenye panda, na hivyo ndivyo vinavyokwama kooni. Mchoro wa wengi huishia kwenye mgongo na mbavu.

Kwa nini wodi ilipelekewa 80? Kwa sababu fomu ya wodi iliandika "jentamaisini sindano, boksi 1" na fundi dawa akatoa boksi lililokuwa mbele. Kwa nini fomu haikutaja nguvu? Kwa sababu jina kwenye orodha yetu, ambalo wodi inalinakili, lilisomeka hivi kwenye kompyuta:

```
GENTAMICIN INJ 2ML
```

Ujazo upo, nguvu haipo. Kwa nini fundi dawa hakuona kwamba zipo za aina mbili? Kwa sababu stoo haikujua kwamba zipo za aina mbili. Mzee wa stoo alitoa kadi ya rafuni bila kuombwa, akaiweka mezani, kidole kwenye mstari wa Alhamisi ile. Salio lilikuwa ampuli 40. Zikaingia 100. Salio jipya, 140. Dawa mbili zenye nguvu tofauti zilikuwa zimejumlishwa kama mahindi ya magunia mawili.

"Nilihesabu vizuri," akasema mzee. Na kweli alihesabu vizuri. Fomu yetu ya kupokelea mzigo inauliza jina, idadi, namba ya toleo, na tarehe ya kuisha muda. Alikagua vyote vinne. Kwa nini haiulizi nguvu ikilinganishwa na tulichozoea? Kwa sababu fomu iliandaliwa ili kukamata dawa iliyopungua na iliyoisha muda, na kazi hiyo inaifanya sawasawa. Hakuna aliyewahi kuifikiria kama mlango wa kukamata dawa iliyobadilika.

Tuliacha kuuliza hapo. Mnaweza kuendelea hadi mfike kwenye barabara ya Somanga na kimbunga, na ni kweli bila barabara kukatika labda tusingenunua zile za 80. Lakini barabara hatuwezi kuirekebisha kutoka dirishani kwetu. Kipimo changu cha kusimama ni hicho: nimefika mahali ambapo kitu kilicho mikononi mwetu kikibadilishwa, kosa halipiti. Ukisimama kabla ya hapo unabaki na mtu wa kumwonya. Ukipitiliza unabaki na serikali ya kuilalamikia.

Kuhusu tulichobadilisha nitasema machache. Semina tuliifanya, lakini tuliiandika mwisho, kwa sababu watu huhama na semina huhama nao. Jedwali nilikwenda kulibandua mwenyewe. Jipya limeandikwa kilo na miligramu. Mililita zipo, lakini ziko chini ya kichwa kinachosema "ampuli ya 20 mg/2 ml PEKEE". Ampuli za 80 hazipelekwi tena wodi ya watoto wachanga kwa fomu yoyote. Majina kwenye kompyuta na kwenye kadi yakabadilishwa kuwa mawili:

```
GENTAMICIN INJ 20MG/2ML
GENTAMICIN INJ 80MG/2ML
```

Kila moja na kadi yake, na rafu mbili zisizopakana. Kwenye fomu ya kupokelea tukaongeza safu moja tu: "Nguvu ni ileile ya awali? Ndiyo / Hapana." Ikiandikwa hapana, mzigo haupangwi rafuni hadi mfamasia afike na wodi zipigiwe simu.

Lilizuka suala la kuzimua. Kama 20 zimekwisha kabisa na mtoto anahitaji dawa, unaweza kuvuta mililita 1 kutoka ampuli ya 80, hizo ni miligramu 40, ukaongeza mililita 3 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Unapata mililita 4 zenye miligramu 10 kila moja, na moja na nusu inarudi kuwa sahihi. Wengi walitaka hilo liwe utaratibu wa wodi. Nilikataa, na bado nakataa liwe la kawaida. Usiku, muuguzi mmoja, watoto kumi na mmoja, unamwongezea hatua ambayo akiisahau mtoto anapata mara nne ileile. Tulikubaliana izimuliwe tu pale dawa ya 20 isipopatikana, watu wawili wakihesabu kila mmoja peke yake, na kimiminika kilichobaki kimwagwe. Bomba la mililita 1 pia linapelekwa pamoja na dawa, kwa sababu dozi ndogo kama 0.375 huwezi kuipima kwa bomba la mililita 5 hata ukiwa na macho ya tai.

Mwiba mmoja umebaki kwenye mchoro na hauna jina la mtu wala tarehe mbele yake: muuguzi mmoja zamu ya usiku. Tumeupeleka kwenye kikao cha uongozi mara mbili. Nimeuacha ukutani makusudi, kwa kalamu nyekundu.

Mtoto alipofikisha miezi mitatu alipelekwa kupimwa masikio kwa mashine, akasikia pande zote mbili. Wa kilo 2.4 naye hivyo hivyo. Sista wa usiku yupo wodini bado; ndiye aliyesahihisha jedwali jipya kabla halijapigwa plastiki, na alinikamata na kosa la nukta kwenye mstari wa kilo 2.

Mwezi Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na mimi nikiwa Masasi kwenye msiba, simu ililia saa moja jioni. Alikuwa mzee wa stoo.

"Mwanangu, mzigo wa mshitiri umekuja. Jentamaisini hizi ni za themanini. Nimezifungia kwenye kabati la karantini, funguo ninayo mfukoni. Wodi nimewapigia. Za ishirini zimebaki ampuli kumi na sita."

Nikamuuliza kama fundi dawa amekwishaziona.

"Ameziona. Alitaka kuzipanga, nikamwambia aanze kujaza ile safu ya mwisho."

Nikatoka nje ya turubai, nikaanza kupiga simu vituo vya jirani kuulizia za ishirini.